Kuacha bima ya matibabu ya kikundi: barua mbili, tarehe moja

Ukiingia idara ya utumishi ya kampuni ya Uganda ukaambiwa kwamba bima ya matibabu ya wafanyakazi haitahuishwa mwaka huu, kwanza fungua mkataba wa bima utafute kifungu cha notisi. Usianze na barua. Mikataba mingine hukoma yenyewe siku ya mwisho ukinyamaza. Mingine hujihuisha: usipotoa notisi kwa wakati, ankara ya mwaka mpya inakuja na utadaiwa, hata kama bosi alikwisha kumwambia wakala kwa simu kwamba "tunaacha".

Tuchukue kampuni ya watu 42, ofisi Kampala na tawi Arua, bima inaisha tarehe 30 Juni 2026 saa sita usiku. Mkataba unasema notisi ya maandishi iifikie kampuni ya bima siku 30 kabla ya mwisho. Siku zinahesabiwa tangu barua ilipopokelewa, si ilipoandikwa, na siku ya kupokelewa yenyewe kwa kawaida haihesabiwi. Kwa hiyo hesabu inaanzia 1 Juni na siku ya kupokea isizidi 31 Mei. Lakini 31 Mei 2026 ni Jumapili, basi siku ya mwisho ya kazi ni Ijumaa 29 Mei. Kuvuta hadi wiki inayofuata hakukusaidii: umechelewa tayari, na tarehe 3 Juni ofisi zimefungwa kwa Siku ya Mashahidi. Ipeleke barua katikati ya Mei. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nyingine itumwe kwa barua pepe moja kwa moja kwa kampuni ya bima. Kama mlinunua kupitia dalali, mpe nakala, ila usimfanye yeye ndiye mlango: dalali akikaa na barua wiki mbili, hasara ni yenu.

Maneno ya barua yanaamua mengi. Andika "hatutahuisha", usiandike "tunasitisha". Kusitisha ni kuvunja mkataba kabla ya wakati wake. Karani anaweza kuzima kadi siku hiyohiyo, na mikataba mingi ina kanuni tofauti ya fedha kwa anayeondoka katikati. Usiandike pia "hatutaendelea iwapo bei haitapungua". Hilo ni neno la kujadiliana bei, na likifika siku ya mabishano litasomwa hivyo. Barua nyingi hapa huandikwa kwa Kiingereza, lakini maana yake iwe hii:

"Tunawaarifu kwamba hatutahuisha bima namba (namba ya mkataba) ya kampuni yetu. Bima itakoma tarehe 30 Juni 2026 saa sita usiku, na hadi hapo wanachama wote na wategemezi wao wahudumiwe kama kawaida. Msitoe ankara ya kipindi kitakachofuata. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi ndani ya siku 7 kwamba mmepokea barua hii, mtueleze siku ya mwisho ya kupokea risiti za marejesho, na mtupatie taarifa ya mwisho ya hesabu."

Sababu usiieleze, haihitajiki. Jina la kampuni liandikwe kama lilivyo kwenye mkataba, maana kampuni yenye jina la biashara na jina la usajili huwa inasaini kwa moja na kuandika barua kwa jingine.

Swali linalosahaulika ni la mgonjwa aliyelazwa usiku wa mwisho. Mfanyakazi akilazwa 28 Juni akatoka 4 Julai, je, bima inalipa hadi aruhusiwe, au inakata 30 Juni usiku? Jibu limo ndani ya mkataba na hutofautiana. Uliza kwa maandishi mapema. Ikiwa inakata, ile barua ya dhamana ya malipo ambayo kampuni ya bima iliipa hospitali haitalipia siku nne za Julai, na mgonjwa ndiye atakayezuiliwa kwenye dirisha la malipo.

Sasa barua ya pili, ya wafanyakazi. Kabla ya kuiandika, na kabla hata ile ya kwanza haijatoka, soma mikataba yao ya ajira na kitabu cha taratibu za utumishi. Kama mkataba wa ajira unasema "mwajiri atatoa bima ya matibabu", bima hiyo ni sehemu ya masharti ya kazi. Kuiondoa ni kubadili masharti, na jambo hilo linataka mazungumzo na ridhaa ya maandishi, si tangazo ubaoni. Mfanyakazi asiyeridhia anaweza kwenda kwa afisa kazi. Ikiwa imetajwa kwenye kitabu tu, kama faida inayoweza kubadilishwa, njia ni nyepesi zaidi, lakini notisi bado inatakiwa.

Wape angalau siku 30 nao. Barua iseme bima inakoma lini na saa ngapi, kwamba mke, mume na watoto walioandikishwa wanakoma pamoja, na kadi zirudishwe kwa nani. Waambie waziwazi wasitumie kadi baada ya 30 Juni. Kompyuta ya hospitali inaweza kuikubali bado, kisha bili ikaja baadaye na hakuna wa kuilipa. Taja pia kisichokoma: fidia ya ajali kazini ni wajibu wa mwajiri kwa sheria yake yenyewe, bima ya matibabu iwepo au isiwepo. Dereva wa Arua asipoambiwa hili ataamini kwamba hata akivunjika mguu kazini yuko peke yake. Kwa walinzi na madereva, barua isomwe kwa lugha wanayoielewa. Kuiangusha tu kwenye kundi la wasapu hakutoshi.

Wapo ambao barua inawagusa kuliko wengine: mwenye kisukari anayechukua dawa kila mwezi, mjamzito wa kujifungua Agosti. Akinunua bima binafsi leo, ujauzito uliopo kwa kawaida haulipiwi, na ugonjwa wa zamani huwekewa muda wa kungoja. Bima ya afya ya taifa nayo hakuna. Muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukutiwa saini. Watu hawa waitwe faraghani, au waalikwe kuja wenyewe. Usitengeneze orodha ya wagonjwa kutoka ripoti ya madai: taarifa za afya zina ulinzi wa pekee katika sheria ya data binafsi ya 2019.

Mameneja wengi hapo husema, "tuwape posho ya matibabu." Ifanyie hesabu. Posho taslimu huingia kwenye mshahara: inakatwa kodi ya PAYE na mchango wa NSSF. Ukitoa 100,000 kwa mwezi, kampuni inaongeza 10,000 ya NSSF, na mfanyakazi anakatwa 5,000 pamoja na kodi. Kulipa au kurejesha gharama halisi za matibabu ya mfanyakazi hakuhesabiwi kuwa mapato yake ya kodi. Hivyo kwa yule mjamzito, kampuni kulipa bili hospitalini kuna nafuu kwa pande zote mbili, mradi stakabadhi zitunzwe na kiwango cha juu kiandikwe kabla.

Baada ya Juni usifunge faili. Hospitali hupeleka bili za Mei na Juni wiki kadhaa baadaye, na risiti za marejesho zina siku yake ya mwisho, ile uliyoiuliza kwenye barua. Itangaze kwa wafanyakazi mara mbili: ndani ya barua, halafu wiki moja kabla haijafika.