Maswali yenu: mjadala wa redio wa pweza na namna ya kuufupisha

Wiki iliyopita nilitaja ule mjadala wa redio moja ya hapa Tanga, miamba ya pweza ifungwe isivuliwe miezi mitatu au isifungwe, meza ilikuwa na afisa uvuvi, mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia ufukwe na uvuvi, na mama mmoja mchuuzi. Maswali yakamiminika. Nimechukua matano, na mfano ni huohuo mmoja ili tusizunguke.

Rekodi yangu ni ya dakika 50, kila nikifupisha natoka na kurasa sita. Nakosea wapi?

Nabashiri unafuata mpangilio wa kipindi, afisa akasema hivi, mama akajibu, kisha afisa akaongeza, yani unairudia redio kwa kalamu. Mi mara ya kwanza nasikiliza yote mikono mitupu, sigusi hata peni. Mara ya pili ndo nachukua karatasi moja kwa kila mgeni, naigawa sehemu tatu: anataka nini, kwa sababu gani, na kakubali nini ambacho hakimsaidii. Kila nikiandika kitu naweka na dakika pembeni, mfano 34:10, maana baadaye utabishiwa na hutaki kuanza kusikiliza upya dakika zote 50 kutafuta sentensi moja.

Hiyo sehemu ya tatu watu wengi hawaiweki na ndo yenye utamu. Afisa alitetea kufunga mwanzo mwisho, kwamba pweza anaishi kama mwaka na kidogo tu na anakua haraka sana, kwa iyo ukimwacha miezi michache unamkuta kaongezeka uzito, akataja na Andavadoaka kule Madagaska walikoanza kufunga mwaka 2004. Sawa. Ila kwenye dakika ya 34 kaulizwa nani atalinda mwamba usiku, akajibu boti ya doria haitoshi. Hilo kalisema yeye mwenyewe, halafu ndo linaloamua kama mpango wake utasimama, sasa ukiliacha umemwandikia hotuba yake.

Mgeni wa pili na wa tatu wote wamesema "naunga mkono". Sasa nitofautishe nini?

Ndugu yangu, huku pwani mtu hakurushii hapana usoni mbele ya maiki. Anaanza na "mheshimiwa kasema kweli kabisa", anashukuru kwa kualikwa, anamsalimia mwenyekiti, afu inakuja "ila". Msimamo wake unaanzia kwenye ila. Mi nikisikia naunga mkono siandiki kitu, nasubiri ila, isipokuwa, tatizo tu ni kwamba, au sharti ("kama watatushirikisha"). Ikifika kipindi kimeisha na ila haijatoka, basi kweli kaunga mkono.

Tazama mama mchuuzi. Kaanza na naunga mkono, na mi kwenye rasimu ya kwanza nikamweka upande wa afisa, kwa wepesi tu, nikaandika wote watatu wanataka kufunga, kichwa cha habari kimepatikana. Jirani yangu mzee mmoja aliyevua miaka mingi kanisomea kanicheka, kaniambia umesikiliza redio au umesikiliza salamu? Nikarudi. Kumbe mama alikuwa anasema wanawake wanashika pweza kwa miguu, maji yakitoka wakati wa bamvua, kwenye mwamba wa karibu na kijiji chao, wakati wanaume wanazamia na miwani kule kwenye kina. Na mwamba unaopendekezwa kufungwa ni upi? Wa karibu, sababu ndo rahisi kuulinda. Kwa iyo kufunga anakubali, ila mwamba huo hapana, uanze ule wa kina.

Mwenyekiti naye kakubali kufunga, ila tarehe ipangwe na kijiji na iangukie kusi, pepo zikiwa kali na kuzamia kwenyewe ni shida. Mgogoro wake yeye ni nani anaamua.

Sasa weka karatasi tatu pamoja uone. Mtangazaji aliuliza ifungwe au isifungwe, na kwa swali hilo hamna ubishi. Walichobishania ni mwamba upi, tarehe ya nani, na nani akae na njaa miezi mitatu. Ukishalipata swali lao wenyewe, muhtasari unakuwa mfupi bila kulazimisha. Ila angalia usimjazie mtu. Mwenyekiti hakugusa kabisa habari ya mwamba wa karibu na wa kina, basi usimwekee jibu eti ili meza yako ipendeze, andika hakulizungumzia.

Mtu kabadilika katikati ya kipindi, mwanzo anasema hivi mwisho vile. Niandike upi?

Kwanza hakikisha kabadilika kweli. Mara nyingi ni yule "sisi" wake aliyebadilika. Mwenyekiti wetu dakika za mwanzo akisema "sisi tumekubaliana" anamaanisha kamati iliyokaa na maafisa, kwenye dakika ya 40 "sisi hatujashirikishwa" ni wavuvi wa kijijini kwake. Ukizisoma haraka unamuona kigeugeu, na sio. Mjazie nani ndani ya hiyo sisi kutokana na sentensi za jirani, na vilevile ukikuta "imeamuliwa" jiulize imeamuliwa na nani, kama hajasema nawe usiseme. Akiwa kabadilika kweli, andika yote mawili na nini kilichomgeuza, swali la msikilizaji au hoja ya mwenzake. Hiyo ni habari.

Mtangazaji naye anabishana kama mgeni. Nimuweke?

Hapana. Anachokoza ili wageni waseme, ndo kazi yake. Muweke tu pale ambapo swali lake ndo limetoa jibu, kama lile la doria. Wapigaji simu pia wasichanganywe na wageni, mmoja alipiga akasema kufunga ni njama ya wenye maboti makubwa, ile ni ya kwake, ukiiweka chini ya mama mchuuzi kwa vile wote wamelalamika umemponza mwanamke wa watu.

Nikiandika alisema, alisema, alisema inachosha. Naruhusiwa kutumia alidai, alikiri?

Unaruhusiwa ila zina uzito. Alidai inanusa kwamba humwamini, alikiri kama vile kakamatwa na kitu. Nilikuta muhtasari mmoja afisa "alieleza", mama "alilalamika", na mwenyekiti "alidai", msomaji kashaamuliwa kabla ya hoja! Kama unatumia alidai kwa mmoja, wengine waliosema kitu bila ushahidi nao wapate alidai. Mi nabaki na alisema, anataka, anakubali, na alikiri naiweka pale tu mtu kasema jambo linalompunguzia nguvu, bila kujali ni nani.

Na wale mlioomba kuona ulivyotoka, huu hapa mzima:

"Wageni wote watatu wanakubali miamba ya pweza ifungwe miezi mitatu. Wanatofautiana upi, lini na kwa gharama ya nani. Afisa uvuvi anataka uanze mwamba wa karibu kwa kuwa unalindika, ingawa alikiri boti ya doria haitoshi. Mchuuzi anataka uanze mwamba wa kina, kwa kuwa wa karibu ndo wanawake wanapokwenda kwa miguu. Mwenyekiti wa BMU anataka kijiji kipange tarehe, wakati wa kusi. Kuhusu mwamba upi hakusema."

Kurasa sita zimekuwa sentensi sita. Yule mzee kasoma tena, safari hii hakucheka, kauliza tu kwa nini sikuandika bei ya pweza. Nikamwambia hamna aliyeitaja.