USDT imetumwa kwa mtandao mwingine: ufunguo uko kwa nani?

Nimetoa USDT 300 kwenye soko la sarafu za kidijitali nikachagua BEP20, nikaweka anwani yangu ya MetaMask. Soko linasema imekamilika lakini pochi yangu inaonyesha sifuri. Zimekwenda?

Hazijakwenda popote. Ziko kwenye anwani yako, ila pochi inatazama Ethereum wakati fedha zimetua BNB Smart Chain, ambao ndio mtandao wa BEP20. Mitandao hii miwili, pamoja na Polygon, Arbitrum na mingine ya ukoo huo, hutumia anwani za aina moja: `0x` ikifuatwa na tarakimu na herufi 40. Ufunguo wa siri unaofungua anwani hiyo Ethereum ndio unaoifungua kwenye mitandao hiyo mingine yote.

Kwanza hakikisha. Chukua TxID, yaani namba ya muamala, kwenye historia ya soko, ibandike bscscan.com, kisha tazama mambo mawili: Status iwe Success, na mpokeaji wa USDT awe anwani yako, herufi kwa herufi. Yakikubaliana, fungua mipangilio ya MetaMask uongeze mtandao huu, kama toleo lako halina tayari:

```
Network name: BNB Smart Chain
RPC URL: https://bsc-dataseed.binance.org/
Chain ID: 56
Symbol: BNB
Explorer: https://bscscan.com
```

Ukishahamia mtandao huo na USDT bado haionekani, ingiza tokeni kwa anwani ya mkataba wake:

```
0x55d398326f99059fF775485246999027B3197955
```

MetaMask ikiuliza Decimals, jibu ni 18. Wengi huandika 6 kwa kuwa USDT ya Ethereum ina 6, kisha salio linasomeka kama namba ndefu ya ajabu na hofu inaanza upya.

Hapo utaziona 300 zako, lakini kuzihamisha ni hatua nyingine. Ada ya mtandao huu hulipwa kwa BNB, na anwani yako haina hata chembe. USDT haiwezi kulipia ada ya safari yake yenyewe kwa njia ya kawaida. Nunua BNB kidogo sokoni uitume kwa mtandao uleule wa BEP20. BNB 0.001 inatosha kabisa kwa muamala wa tokeni, ingawa soko lenyewe huenda likakulazimisha kutoa zaidi ya hapo kwa sababu ya kiwango chake cha chini. BNB ikifika, rudisha USDT sokoni kwenye anwani yako ya kuwekea ya BEP20. Anza na USDT 5. Zikionekana kwenye akaunti, peleka 295 zilizobaki.

Kama pochi yako hairuhusu kuongeza mtandao, fungua maneno yako 12 ya siri katika pochi nyingine inayoruhusu. Anwani itakayotokea lazima ilingane na ile ya kwanza. Isipolingana, pochi hizo mbili zinachonga anwani kwa njia tofauti kutoka kwenye maneno yaleyale. Tafuta njia iliyoandikwa `m/44'/60'/0'/0/0`, ambayo ndiyo MetaMask hutumia kwa akaunti ya kwanza.

Mimi imekuwa kinyume. Mteja alipaswa kunitumia kwenye anwani yangu ya soko kwa ERC20, yaani Ethereum, akatuma kwa Polygon. Soko langu halipokei tokeni hiyo kwa Polygon.

Hapa ufunguo si wako. Anwani ya kuwekea uliyopewa ni ya soko. Wewe umeandikwa tu kwenye daftari lao kuwa kinachoingia humo kihesabiwe chako. Tokeni zimefika, ufunguo wa kuzitoa upo, lakini mitambo yao haiangalii Polygon kwa tokeni hiyo, kwa hiyo hakuna anayekuandikia salio.

Kuzitoa kunataka mtu wa ndani atie saini kwa mkono, tena apeleke kwanza POL, sarafu ya kulipia ada Polygon, kwenye anwani hiyo. Ndiyo maana masoko mengine hutoza ada ya urejeshaji, mengine hukataa kiasi kidogo, na mengine hukataa kabisa. Nafasi yako ni nzuri zaidi ikiwa soko tayari linapokea sarafu nyingine kwa Polygon. Ni mbaya ikiwa halijawahi kuugusa mtandao huo.

Tuma ombi ukiwa ndani ya programu yao, si kwa kiungo ulichotumiwa na mtu. Weka TxID, jina la mtandao uliotumika, anwani ya mkataba wa tokeni, kiasi na anwani iliyopokea. Maombi mengi hukwama kwa sababu mteja ameandika tu “USDT haijafika”, na mhudumu anatafuta kwenye Ethereum ambako hakuna kitu. Usipeleke POL kwenye anwani hiyo kwa nia ya kuwasaidia. Huna uwezo wa kutia saini, na POL hiyo nayo itakwama.

Nimeuza shilingi kwa USDT. Nilimpa anwani ya TRC20, anadai kakosea akatuma BEP20, nisubiri.

Usiachie kitu. TRC20 ni mtandao wa Tron, na anwani ya Tron huanza na T na ina herufi 34. Sehemu ya kutolea BEP20 haiikubali kabisa. Labda ametuma kwenye anwani nyingine, labda hajatuma. Dai TxID. Ya BNB Smart Chain huanza na `0x`, ya Tron haina `0x` mbele. Usipoiona kwenye tovuti ya kukagua miamala, haipo.

Chama chetu kina pochi ya Safe ya Ethereum, watia saini watatu. Mwenzetu ametuma USDC kwa anwani ileile lakini Arbitrum.

Hili linahitaji haraka na utulivu pamoja. Safe si ufunguo, ni mkataba mahiri uliosimikwa kwenye mtandao mmoja. Arbitrum anwani hiyo bado ni kiwanja kitupu chenye USDC juu yake. Kwa Safe za matoleo mapya, anwani hutokana na mkataba wa kiwanda ulioitengeneza, namba ya chumvi na orodha ya watia saini wa mwanzo, hivyo mnaweza kuisimika Arbitrum kwenye anwani ileile kwa kuongeza mtandao ndani ya programu ya Safe. Itazaliwa na watia saini wa siku ya kwanza. Kama mmoja alishaondolewa, bado anaweza kuhitajika.

Safe za zamani ni hatari zaidi, kwa kuwa anwani ilitegemea zamu tu ya kutengenezwa kiwandani. Mwaka 2022 kampuni ya Wintermute ilitumiwa tokeni milioni 20 za OP kwenye anwani ya Safe iliyokuwa nayo Ethereum, ila kwenye mtandao wa Optimism Safe hiyo haikuwa imesimikwa. Mtu mwingine aliwahi: akakirudia kiwanda chenyewe, akatengeneza Safe moja baada ya nyingine hadi akaifikia anwani hiyo, akaimiliki. Sehemu kubwa alikuja kuirudisha.

Na nikituma kwenye anwani ya mkataba wa tokeni yenyewe?

Mkataba hauna ufunguo wa siri. Kama msimbo wake haukuandikiwa njia ya kutoa kilichoingia kimakosa, hakuna mtu wa kutia saini, na hizo hazirudi.

Kuna jamaa Telegram anasema anaweza kugeuza muamala kwa dola 50 na maneno yangu 12.

Muamala uliothibitishwa haugeuzwi na mtu wa Telegram. Maneno hayo 12 ndiyo ufunguo tuliokuwa tunauzungumzia tangu swali la kwanza. Ukimpa, atachukua hata zile USDT ambazo hazikuwa zimepotea. Kama umeshayatuma, fungua pochi mpya yenye maneno mapya sasa hivi, uhamishie kila kilichobaki.