Usiku Mmoja wa Kugeuza Karatasi Zilizokunjamana Kuwa Rejista

Nilikuwa karani wa kamati ya ujenzi wa madarasa katika kijiji chetu wakati mtendaji wa kijiji aliponikabidhi mfuko wa rambo wenye karatasi 11 zilizochanwa kutoka kwenye kaunta buku, pamoja na vitabu vitatu vya stakabadhi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu wa nchi yetu hufanyika kila baada ya miezi mitatu na husomewa taarifa ya mapato na matumizi, ulikuwa kesho yake asubuhi. Wakusanyaji wa michango walikuwa wamezitembeza karatasi hizo mifukoni, nyingine zimelowa mvua, na moja ilikuwa na doa la mafuta lililonuka maandazi. Namna nilivyoifanya kazi ile ndiyo ninayowashauri makarani wenzangu waifuate, kwa sababu hali ya aina hii huwapata wengi.

Jambo la kwanza ni kutoanza kuandika. Zitenganishe karatasi, uzinyooshe kwa kiganja, kisha uziweke kati ya magazeti makavu na kuzikandamiza kwa kitu kizito wakati unapotayarisha rejista mpya. Zikishanyooka, ipe kila karatasi namba kwa penseli kwenye kona, hata kama hujui ipi ilitangulia ipi. Namba hiyo si ya mfuatano wa matukio. Ni anwani tu, ili kila mstari wa rejista uweze kurudishwa kwenye karatasi ulikotoka.

Safu za rejista yangu zilikuwa sita: namba ya stakabadhi, tarehe, jina la mkuu wa kaya pamoja na la baba yake, kitongoji, kiasi, na rejea, yaani namba ya ile karatasi ya zamani. Makarani wengi hupenda kupanga majina kwa alfabeti au kwa vitongoji, nami sishauri kuanza hivyo. Tarehe huachwa wazi na wakusanyaji wenye haraka, na majina hufanana, ilhali namba ya stakabadhi haijirudii. Orodha ya kila kitongoji inaweza kutolewa baadaye kutoka kwenye rejista iliyokamilika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisinakili moja kwa moja kutoka kwenye nakala za kaboni zilizobaki vitabuni. Nakala hizo hazikuonyesha kitongoji, na baadhi zilikuwa zimefifia kwa sababu karatasi ya kaboni ilikuwa imetumika kupita kiasi. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba ukinakili kutoka chanzo kimoja, huna cha kukupa shaka. Nilinakili kutoka kwenye karatasi, kisha nikaitumia nakala ya kaboni kuwa shahidi wa kila mstari, nikiweka rula chini ya mstari ninaousoma na alama ya vema kwa penseli pale vyote viwili vinapokubaliana.

Vitabu vilikuwa na stakabadhi 50 kila kimoja, kuanzia namba 0151 hadi 0300. Zilizotumika ziliishia 0298, yaani 148, na mbili kati yake zilikuwa zimefutwa, asili na nakala zikiwa bado zimo kitabuni, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo malipo halali yalikuwa 146, lakini mistari kwenye karatasi ilikuwa 147. Nilipokuwa nanakili, nilikutana na wanaume wawili wenye jina moja na jina moja la baba, na karani mwenye usingizi angemkata mmoja wao papo hapo. Namba za stakabadhi zao zilikuwa tofauti, vitongoji pia tofauti. Walikuwa watu wawili kweli. Mstari uliozidi ulikuwa mwingine kabisa: mkusanyaji alikuwa amenakili upya sehemu ya karatasi iliyolowa bila kukata ile ya mwanzo, na stakabadhi moja ikaonekana katika karatasi namba 3 na namba 8. Niliuandika mara moja, na kwenye rejea nikaweka namba zote mbili.

Kwa maandishi yaliyofifia, zima taa ya juu, kisha ulaze mwanga wa tochi ubavuni mwa karatasi. Kalamu ya bolpeni huacha mfereji hata wino ukiondoka, na mwanga wa pembeni huonyesha mfereji huo kwa kivuli chake. Ukipapasa nyuma ya karatasi kwa ncha ya kidole, utauhisi pia. Kwa njia hiyo nilisoma majina yote isipokuwa moja. Hilo nililiandika “halisomeki” nikaingiza kiasi chake, kwa kuwa kiasi kilikuwa wazi kwenye nakala. Kubahatisha jina ni kumpa mtu malipo ya mwenzake, na mwenye haki hatakuwa na njia ya kujua.

Jumla ya kila ukurasa niliiandika kwa penseli, nikaipeleka mbele ukurasa unaofuata, hadi nikapata shilingi 1,866,000. Nakala za kaboni, zilizojumlishwa peke yake kwa kikokotoo, zilitoa 1,848,000. Tofauti ilikuwa 18,000. Hapa ndipo wengi huanza kujumlisha upya tangu mwanzo, na usiku huwaishia hapo. Kabla ya hapo, gawanya tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi au sifuri imeongezwa au kusahaulika. Kumi na nane ni tisa mara mbili, kwa hiyo nilitafuta viasi ambavyo tarakimu zake katika maelfu zinapishana kwa mbili, kama 13 na 31 au 35 na 53, pamoja na 2,000 inayoweza kuwa imeandikwa 20,000. Niliipata katika karatasi namba 6: mkusanyaji aliandika 42,000, nakala ikasema 24,000, na nikiwa nimeanza kuchoka alama ya vema ilikuwa imewekwa kwa kasi. Kilichoamua si tarakimu bali maneno, kwani stakabadhi ilisomeka “shilingi elfu ishirini na nne tu”, na mtu hawezi kukosea maneno kwa wepisi anaokosea tarakimu. Nilikata kiasi kisicho sahihi kwa mstari mmoja kinachoweza kusomeka chini yake, nikaandika kilicho sahihi juu na kuweka saini fupi pembeni. Wino mweupe wa kufutia usiutumie katika rejista ya fedha.

Njia hii ya tisa ina mipaka yake. Makosa mawili yanayofidiana, kwa mfano 5,000 iliyozidi hapa na 5,000 iliyopungua kule, hayaonekani kabisa kwenye jumla. Ni ulinganishaji wa mstari kwa mstari tu unaoyanasa. Kwa sababu hiyo nilirudia kuweka vema kwa rangi nyingine, safari hii nikianza na nakala ya kaboni na kwenda kwenye rejista, kinyume cha mwanzo.

Baada ya jumla mbili kukubaliana ndipo nilipozipitia kwa kalamu. Chini ya mstari wa mwisho nilipiga mistari miwili, nikaandika idadi ya stakabadhi halali, namba za zilizofutwa, na saini yangu, nikaacha nafasi ya saini ya mtunza hazina na ya mtendaji. Karatasi kuukuu zote 11 nilizitia katika bahasha na kuikabidhi pamoja na rejista na vitabu, kwa maandishi ya makabidhiano. Mkutanoni mtendaji alisoma namba ya ile stakabadhi yenye jina lisilosomeka, akamwomba aliyelipa aje na asili yake, na jina likajazwa mbele ya mtunza hazina.