Kiambatisho Kinapofunguka kwa Kusoma Tu

Wengi wanaoanza kazi ya ofisini hudhani faili limeharibika pale wanapofungua kiambatisho kutoka Outlook na kukuta mstari wa njano juu ya waraka, wenye maneno PROTECTED VIEW na kitufe cha Enable Editing. Hakuna kilichoharibika. Tangu toleo la 2010, Word, Excel na PowerPoint hufungua faili lililotoka nje ndani ya eneo lililotengwa, ambamo unaweza kulisoma bila kulihariri, na ambamo programu yenyewe hunyimwa sehemu kubwa ya uwezo wake wa kugusa vitu vingine vilivyomo kwenye kompyuta.

Eleweni kwanza kwamba mstari huo hausemi faili lina virusi. Unasema tu lilikotoka. Kiambatisho kikihifadhiwa kwenye diski, Windows hukitia alama ya asili yake, ambayo haionekani mtu akilifungua faili kwa kawaida. Anayetaka kuiona afungue PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwenye folda lenye faili aandike hivi, akiweka jina la faili lake mahali pa bei.xlsx:

```
Get-Content .\bei.xlsx -Stream Zone.Identifier
```

Jibu litakuwa na mstari wa `ZoneId=3`, na namba 3 ndiyo Intaneti. Alama hii hukaa kwenye diski zilizopangwa kwa mfumo wa NTFS, lakini faili likipitishwa kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 alama hupotea. Ndiyo maana mwenzako aliyelipokea faili hilohilo kwa flashi hauoni mstari wa njano, ingawa faili lake si salama kuliko lako.

Huenda mtu akauliza kwa nini kusoma kuwekewe mipaka ilhali hatari inajulikana kuwa imo kwenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili programu iziendeshe. Jibu ni kwamba si kila shambulio linahitaji makro. Mwaka 2017 ilibainika kuwa kile kijiprogramu cha zamani cha kuandikia milinganyo ndani ya Office kilikuwa na dosari iliyowezesha waraka kuendesha amri za mshambuliaji mara tu unapofunguliwa kwa kawaida. Waraka wa namna hiyo ulipofunguliwa ndani ya Protected View shambulio halikuanza, hadi mtu abofye Enable Editing.

Chukueni mfano wa karani wa ununuzi aliyepokea jedwali la bei kutoka kwa msambazaji. Bei za bidhaa zote zinaonekana, lakini safu ya jumla imejaa sifuri, naye yuko karibu kumwandikia msambazaji kwamba hesabu zake zina kasoro. Kabla ya kuandika, abofye seli moja ya jumla. Akiona fomula kama `=SUM(D2:D40)` juu ya jedwali huku seli ikionyesha 0, huenda faili lilitengenezwa na mfumo wa mauzo ambao uliandika fomula bila kuhifadhi majibu yake, na Excel haikokotoi upya ndani ya Protected View. Zile sifuri zitageuka kuwa jumla halisi pindi uhariri utakaporuhusiwa.

Hata hivyo, asibofye Enable Editing kwanza. Ampigie msambazaji kwa namba iliyomo kwenye mkataba, wala si ile iliyoandikwa chini ya barua pepe, amuulize kama kweli ametuma jedwali hilo. Akithibitishiwa, ahifadhi jedwali hilo kwenye folda la kazi ndipo aruhusu uhariri, kwa sababu kiambatisho kinachofunguliwa moja kwa moja kutoka Outlook huwa kwenye folda la muda, na mabadiliko yanayohifadhiwa humo hupotea kwa urahisi.

Dalili ninayowaomba msiipuuze kamwe ni waraka wenyewe kuwaagiza mbofye. Mstari wa njano ni wa programu, nao hukaa juu, nje ya ukurasa. Maneno yaliyo ndani ya ukurasa ni ya mtumaji, hata yakipambwa kwa nembo ya Office. Wasambazaji wa virusi vya Emotet walitumia sana picha iliyodai kuwa waraka uliandikwa kwa toleo jingine, hivyo msomaji abofye Enable Editing kisha Enable Content, kitufe kinachoruhusu makro. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yenye alama ya Intaneti na kuondoa kitufe cha kuziruhusu papo hapo, kwa hiyo mtumaji anayewaelekeza mwende kwenye Properties mkaweke tiki penye Unblock anawaomba mwondoe kizuizi hichohicho kwa mkono.

Ukichoshwa na mafaili ya kila siku ya mfumo wa ndani, usizime Protected View kwenye Trust Center, sehemu ya mipangilio ya usalama ya Office. Mwombe msimamizi wa mifumo aandikishe folda moja kuwa Trusted Location, na waruhusiwe kuweka mafaili humo watu wachache tu, kwa kuwa chochote kitakachowekwa ndani yake kitafunguka bila Protected View, na makro zake zitaendeshwa bila kuulizwa.