Beringi ya pampu, picha ipi itaonyesha kampuni?

"Wakuu, niko Tanga, nimepiga picha beringi ya pampu ili mniambie ni ya kampuni gani. Wote mnasema hamuoni kitu. Nipigeje?"

Jamaa hapo juu aliyesema uwashe taa ya simu kapatia nusu. Mwanga unatakiwa, ila ukitoka mbele chuma kinang'aa na maandishi yanafutika. Ndiyo lile doa jeupe kwenye picha yako. Futa grisi kwa kitambaa, weka beringi kivulini, kisha laza tochi ya simu nyingine mezani imulike kutoka ubavuni. Herufi zilizochongwa zitatupa kivuli kidogo na zitasomeka.

Simu yako iwe juu yake wima, kama sentimita 30, uikuze picha kwa zumu mara mbili. Ukiisogeza simu karibu sana inatoa ukungu. Gusa kioo palipo na herufi. Piga pande zote mbili, maana mara nyingi jina liko upande mmoja tu, halafu moja ya ubavuni ukiwa na rula.

Hiyo 6205 ninayoiona kwa mbali ni saizi tu: tundu milimita 25, nje 52, unene 15. Kampuni nyingi hutumia namba hiyohiyo. Kama ni feki, picha peke yake haitoshi kuapa, ingawa herufi zilizopinda zinatia shaka.

Dada uliyeuliza namna ya kupiga picha lebo za chupa za mafuta ya nazi, lako ni jingine: lebo inazunguka chupa, kwa hiyo piga picha tatu ukiigeuza kidogokidogo.