Kunakili Msahafu kwa naskhi: kazi yenyewe iko mwisho wa mstari

Anayeanza kujifunza kunakili Msahafu huuliza kwanza umbo la herufi: alif iwe ndefu kiasi gani, nuni iingie chini mpaka wapi. Maswali hayo yana majibu, na kwa mazoezi mkono hutii. Linalowashinda wengi ni mstari. Nafasi imebaki na maneno yamekwisha, au neno limebaki na nafasi hakuna. Tatizo hili limezaliwa na hati yenyewe ya naskhi, kwa hiyo turudi nyuma kidogo kabla ya kushika kalamu.

Misahafu ya karne ya kwanza ya Hijra iliandikwa juu ya ngozi kwa hati tunayoiita hijazi, ambayo herufi zake ndefu zimeinamia kulia. Ikafuata kufi, hati nene yenye mistari mirefu ya kulala, na kurasa zake nyingi ni pana kuliko zilivyo ndefu. Mwandishi wa kufi hakuwa na shida ya mwisho wa mstari. Aliacha nafasi karibu sawa kati ya vipande vya neno na kati ya neno na neno, kwa hiyo nafasi ikimwishia alilikata neno baada ya herufi isiyoungana na inayofuata, kama alif, dali, ra au wau, akaendelea chini. Msahafu ambao Amajur, gavana wa Dameski, aliutoa wakfu mwaka 262 H (875 au 876) una mistari 3 tu kwa ukurasa. Hati ya namna hiyo inakula ngozi nyingi, lakini inampa mwandishi uhuru mkubwa.

Karatasi ilipoenea na hati za duara zikapanda cheo, uhuru huo ukaondoka. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 H (940), ndiye anayetajwa kuwa alizifunga herufi kwenye kipimo cha nukta. Baada yake Ibn al-Bawwab alikamilisha Msahafu wa mwaka 391 H (1000 au 1001) ambao sasa uko kwenye maktaba ya Chester Beatty, Dublin: kitabu kidogo, kwenye karatasi, kwa naskhi, mojawapo ya hati hizo za duara. Hapo ukurasa umejaa na neno halikatwi. Neno likianza kwenye mstari ni lazima liishie hapohapo, na mstari nao ujae hadi pambizoni. Masharti haya mawili yanavutana, na sehemu kubwa ya ufundi wa naskhi ni kuyapatanisha bila msomaji kuona.

Upatanisho unaanzia kwenye kalamu, maana ndiyo rula. Tete hukatwa kwa hatua nne ambazo mafundi wanazitaja kwa mpangilio uleule tangu zamani: kufungua, kuchonga, kupasua na kukata. Kufungua ni kuondoa upande mmoja wa tete kwa mshazari, kiasi cha urefu wa kiungo cha kwanza cha kidole gumba. Kuchonga ni kupunguza mbavu mbili kwa usawa mpaka ubaki upana unaoutaka. Kisha pasua katikati ya ncha. Ufa ndio unaoshusha wino. Mwisho laza ncha juu ya kibao cha mfupa au kitu kingine kigumu, uikate mshazari kwa mkandamizo mmoja wa kisu. Ukiikata kwa kuvuta na kurudisha, ncha inabaki na nyuzi na kila mstari wa kulala utatoka na kingo zenye manyoya. Ufa usipokaa katikati, utauona mapema: upande mmoja wa mstari unakolea, mwingine unafifia.

Sasa kipimo. Nukta ni alama inayoachwa na ncha nzima ukiivuta kwa umbali ulio sawa na upana wake. Inasimama kwa pembe, na nukta za kupimia hupangwa pembe juu ya pembe. Hapa wanaoanza hukosea hesabu. Wanasikia alif ya naskhi ni nukta 5, ncha yao ni milimita 0.8, basi wanaandika alif ya milimita 4. Alif hiyo ni fupi mno, kwa sababu unaopangwa ni mshazari wa nukta, na mshazari wa mraba unazidi ubavu wake kwa karibu mara 1.4. Kwa ncha ya milimita 0.8, nukta moja inasimama kwa milimita 1.1 hivi, na alif inafika milimita 5 na nusu. Njia salama ni kuweka rula pembeni kabisa, uandike nukta 5 kwa kalamu ileile kwenye ukingo wa karatasi, na ulinganishe. Ncha ikishalika au ikichongwa upya, nukta inabadilika na kila kitu kinabadilika nayo. Ndiyo maana wanakili wengi wa Misahafu walipendelea kalamu ngumu inayotengenezwa kwa mwiba wa mnazi wa porini kutoka Java: haichakai haraka, kwa hiyo ukurasa wa mwisho unafanana na wa kwanza.

Kutoka kwenye nukta unapata mistari. Tuchukue ukurasa wa mistari 15 kwa ncha hiyohiyo. Juu ya mstari kuna alif ya milimita 5.5, chini kuna mikia ya herufi nuni, wau na yaa inayohitaji kama milimita 3, na katikati irabu zinataka milimita 2 au zaidi. Mstari hadi mstari weka milimita 11. Nafasi 14 za milimita 11 ni milimita 154, na huo ndio urefu wa maandishi kati ya mstari wa juu na wa chini. Ukibana hadi milimita 9, kasra za mstari wa juu zitagongana na fat-ha za mstari wa chini, nawe utaligundua wakati herufi zote zimeshakauka.

Usipige mistari kwa penseli. Tumia mistara: ubao mwembamba wa karatasi ngumu uliotobolewa pande mbili na kupitishiwa uzi uliokazwa sawasawa. Weka karatasi juu yake, pitisha kidole safi juu ya kila uzi, na mstari unabaki kama tuta dogo lisilohitaji kufutwa. Mistara moja inatumika kwa Msahafu mzima, na faida yake kubwa ni hiyo: ukurasa wa 1 na wa 600 vinatoka kwenye uzi uleule.

Tukija kwenye kujaza mstari wenyewe, usianze kuandika kabla hujaupima. Andika mstari kwanza kwenye karatasi ya mazoezi, kwa kalamu ileile, bila irabu. Tuseme upana ni milimita 80 na maneno yamefika 73. Umepungukiwa milimita 7, yaani nukta 6 hivi. Anayeanza huzigawa: anazivuta herufi kidogo hapa, kidogo pale, nukta mbilimbili katika maneno matatu. Matokeo yake hakuna mvuto wowote ulioonekana kuwa wa makusudi, na mstari mzima unasomeka kama mkono uliotetemeka. Tafuta mahali pamoja panapokubali. Sini inaweza kuacha meno yake na kuwa mvuto mmoja mrefu. Ba, ta au fa ya mwisho wa neno inaweza kulala zaidi. Sini ikikupa nukta 6 peke yake, mstari umekwisha kazi. Mvuto ukae nusu ya pili ya mstari, karibu na mwisho, na usiwe chini kabisa ya mvuto wa mstari wa juu, la sivyo ukurasa utaonekana umepasuka.

Ikiwa maneno yamezidi, dawa ni kubana nafasi kati ya maneno, kuchagua umbo fupi la herufi, na kama halijatosha, kupandisha kipande cha neno la mwisho juu ya mwenzake. Hii ya tatu itumike kwa uchache. Kinachokatazwa kabisa ni kuugusa mwandiko wa asili: alif isiyoandikwa katika rasmu ya Uthmani huwezi kuiongeza ili kujaza, wala iliyopo huwezi kuiacha ili kubana. Mwandishi wa mashairi ana upenyo huo. Wewe huna.

Mafundi wa Kiosmani waliongeza sharti jingine: kila ukurasa umalizike na mwisho wa aya. Mpangilio huo, wa mistari 15 na karibu kila juzuu kurasa 20, ndio unaojulikana leo kwa wanaohifadhi, na Msahafu wa Madina wenye kurasa 604 unaufuata. Kwa anayejifunza, nakili mpangilio uliopo mstari kwa mstari. Ni chuo kizuri kuliko kupanga mwenyewe, kwa sababu kila mstari unakuonyesha fundi alivyoamua.

Wino na karatasi nitavigusa kwa sababu ndivyo vinavyoruhusu kusahihisha. Wino wa masizi hutengenezwa kwa gundi ya mgunga iliyoyeyushwa hadi iwe nzito kama asali, kisha masizi husagwa ndani yake kidogokidogo kwa saa nyingi, na maji huongezwa mwishoni. Ukitia masizi kwenye maji kwanza yataelea, maana yana mafuta. Gundi ikipungua, mstari uliokauka unaacha weusi kwenye kidole. Ikizidi, mstari unang'aa, unanata, na baadaye unapasuka. Ndani ya kidau weka nyuzi za hariri mbichi ili kalamu ichukue wino bila kugonga chini. Karatasi nayo hupakwa wanga, kisha ute wa yai uliokorogwa na shabu, na ikikauka husuguliwa kwa jiwe la akiki ndani ya wiki hivi, kabla ute haujaanza kupasuka. Halafu iache ikae, ikiwezekana mwaka. Juu ya karatasi hiyo wino haunywewi, unakaa juu, na kosa linafutika kwa unyevu kidogo au linakwanguliwa kwa ncha ya kisu. Kwenye karatasi isiyopakwa, kosa ni ukurasa mzima.

Andika herufi za mstari, tia nukta za herufi, kisha irabu. Katika naskhi irabu kwa kawaida huandikwa kwa kalamu ileile. Ni hati ya thuluthi inayohitaji kalamu ndogo zaidi. Irabu ukiziacha hadi ukurasa uishe, unapata nafasi ya kusoma upya kila neno huku mkono ukifanya kazi nyingine, na hapo ndipo makosa mengi hunaswa.

Kosa baya zaidi ni la jicho: kuruka kutoka neno moja kwenda mwenzake linalofanana. Surat Ar-Rahman ina aya moja inayorudiwa mara 31, na huko mtu anaweza kupoteza aya mbili asijue. Mstari unaoendana na nakala ya mfano hukulinda, kwa sababu neno la mwisho lisipolingana, umeruka kitu ndani ya mstari huohuo. Kabla ya kuanza mstari mwingine, linganisha neno la mwisho. Ukurasa ukiisha, mpe mtu mwingine anayehifadhi ausome kwa sauti nawe ukifuatilia kwenye nakala ya mfano, maana mwandishi husoma alichokusudia kuandika.