Kufuta takataka kwenye picha ya ufuo: chupa ya leo na chupa ya kila mvua

Hapa Bukavu picha nzuri za Ziwa Kivu hupatikana asubuhi baada ya mvua. Vumbi na moshi vimeoshwa, milima ya ng'ambo inaonekana waziwazi. Lakini mvua hiyohiyo ndiyo inayoshusha takataka za makorongo hadi ziwani, maana mji umejengwa kwenye miteremko na maji yake yote yanateremkia huko. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua hazileti tena chupa, ila vumbi linaficha milima. Ndiyo maana mteja wa utalii hutaka anga ya siku za mvua na ufuo wa kiangazi katika picha moja, na wewe mrekebishaji ndiye unayeombwa kuviunganisha.

Nichukue kazi moja ya kipeperushi cha hoteli ndogo kando ya ziwa. Picha ilikuwa na chupa chache na mfuko mweusi mchangani, mbele kabisa. Upande wa kushoto, mfereji unapoingia ziwani, kulikuwa na mkanda mrefu wa plastiki uliochanganyika na majani, ukielea. Patron wa hoteli alitaka vyote vitoke.

Kabla ya kufungua programu nilimuuliza mama anayefagia ufuo. Akajibu: «Hizi za mchangani natoa kila asubuhi. Zile za mferejini, hata nikizitoa leo, mvua ikinyesha zinarudi.» Jibu hilo liligawa kazi yangu. Chupa za mchangani nilizifuta bila wasiwasi, kwa sababu mgeni atakayeamka hapo atakuta mchanga kama ulivyo kwenye picha. Mkanda ule ni hali ya mahali penyewe.

Za mchangani nilizitoa kwa programu ya GIMP. Nakili tabaka la picha, fanya kazi kwenye nakala iliyo juu, chagua zana ya `Heal`, kisha bonyeza `Ctrl` na ubofye mchanga safi ulio karibu, wenye mwanga uleule. Paka juu ya chupa, na kivuli chake pia. Kivuli kisicho na mwenyewe ndicho kinachokuumbua kwanza. Chupa ikigusa ukingo wa maji, acha `Heal` utumie `Clone`, kwa sababu `Heal` huchanganya rangi za jirani na kuacha doa la kijivu pale mchanga unapokutana na maji. Badilisha chanzo mara kwa mara, la sivyo kokoto ileile itajirudia, na jicho hukamata marudio hayo haraka. Kagua kwa ukubwa wa asilimia 100. Hifadhi faili ya XCF yenye matabaka, ili mtu yeyote akitaka kujua ulichofuta, uzime tabaka lile aone.

Mkanda wa mferejini nao ungefutika kwa mbinu hizohizo. Kilichonizuia ni sentensi iliyoandikwa chini ya picha: watoto wanaweza kuogelea hapa. Mfereji unaoleta chupa unaleta pia maji machafu ya nyumba za juu. Ukifuta chupa, umemwondolea mzazi alama pekee ambayo ingemfanya asite, na uchafu wenyewe umebaki majini. Hapo ndipo kusafisha picha kunapogeuka udanganyifu, hata kama kila kitu kingine ndani yake ni cha kweli.

Patron alipendekeza tukate tu upande wa kushoto. Kukata ni sawa ikiwa kipeperushi kinazungumzia upande uliobaki. Maneno yakiendelea kumwalika mtu kuogelea ufuo mzima, kukata kunaficha sawa na kufuta, na ni rahisi zaidi kusahau kwamba umeficha. Ndivyo nilivyomwambia: «Patron, tukikata picha, tukate na sentensi.»

Njia nyingine ni kulipa vijana wenye mtumbwi na nyavu watoe takataka kweli, kisha upige picha asubuhi hiyo. Naikubali ikiwa hoteli itawaita baada ya kila mvua kubwa wageni wakiwepo. Wakiitwa kwa ajili ya kamera tu, umefanya kwa nyavu kile ulichokataa kufanya kwa `Clone`. Na kusukuma takataka mbele ya ufuo wa jirani si kuzitoa: zinazoelea huvutwa kuelekea mto Ruzizi, njia ya maji kutoka ziwani, na kule hukwama kwenye bwawa la umeme.

Mwishowe tulitumia picha ya upande wa kulia, penye mawe, mbali na mfereji. Maneno yakasema kuogelea ni upande huo. Nilipokabidhi kazi niliandika kwenye ujumbe: nimetoa chupa na mfuko mchangani, sikugusa maji wala milima. Mpiga chapa alipouliza kama aongeze bluu kidogo ziwani, patron mwenyewe alimsomea ujumbe ule.